Malipo yameingia baada ya oda kughairiwa: tunapimaje mipito ya hali ambayo haikuchorwa?

Binti_Mwanga

Habari zenu wanajamvi. Niko Kigoma mjini, na kazi yangu ni kujaribu mfumo wa oda wa duka linalouza dagaa na mawese kwa wateja wa mikoani. Mteja anaweka oda kwenye simu, analipa kwa pesa ya mtandao, stoo inafunga mzigo na kuupeleka stesheni au stendi ya mabasi. Oda ina hali nne tu, na matukio yanayoihamisha ni matatu. Jedwali nililopewa na aliyetengeneza mfumo ni hili:

```
              lipa       tuma       ghairi
IMEWEKWA      IMELIPWA   -          IMEGHAIRIWA
IMELIPWA      -          IMETUMWA   IMEGHAIRIWA
IMETUMWA      -          -          -
IMEGHAIRIWA   -          -          -
```

Mipito halali ni minne, nami nimeipima yote kwa majaribio matatu: lipa kisha tuma, lipa kisha ghairi, na ghairi moja kwa moja kabla ya kulipa. Yote matatu yamefaulu, na mkuu wa kazi ameridhika kwamba kila mpito umeguswa.

Hata hivyo, mfumo ulipoanza kutumika lilitokea jambo ambalo majaribio yangu hayakuligusa. Mteja aliweka oda ya kilo kumi za dagaa, akapata kwenye simu ujumbe wa kumtaka aingize namba ya siri, akasita, akarudi kwenye programu na kubonyeza kitufe cha kughairi. Oda ikawa IMEGHAIRIWA na dagaa zile zikarudishwa kwenye hesabu ya stoo. Baadaye kidogo akaukuta ule ujumbe wa malipo bado unamngoja, akaingiza namba ya siri na pesa ikakatwa. Taarifa ya malipo ilipofika kwenye seva, oda ikatoka IMEGHAIRIWA ikawa IMELIPWA, na stoo ikaanza kufunga mzigo ambao wakati huo ulikuwa umekwishauzwa kwa mteja mwingine.

Swali langu ni hili: vile visanduku vinane vyenye kistari nivipime vipi, na matokeo niyatarajie yawe nini? Kistari hakiniambii kama mfumo ukatae, unyamaze au ufanye jambo jingine, na aliyechora jedwali anasema tu kwamba "hapo hapatokei kitu".

Fundi_Ujiji

Dada, tatizo lako ni kwamba umepima mpito mmoja mmoja, ilhali makosa ya namna hii hujificha kwenye mfuatano. Panda ngazi moja: badala ya kuhakikisha kila mpito umeguswa, hakikisha kila jozi ya mipito inayoweza kufuatana imeguswa. Njia hii si mpya, Chow aliieleza katika makala yake ya mwaka 1978 kuhusu kupima programu zilizochorwa kama mashine za hali. Ukifika kwenye jozi utayakamata mengi ambayo mpito mmoja hauyaonyeshi.

Asali_Sikonge

Mimi niko Tabora na nafanya biashara ya asali, si mtaalamu wa programu, ila hili la kughairi limenigusa. Mwezi uliopita mteja aliagiza ndoo za asali, nikapakia kwenye basi, na gari likiwa limekwishaondoka akapiga simu kusema anaghairi. Je, mfumo wa namna hiyo unanisaidiaje? Kwenye jedwali lako naona mstari wa IMETUMWA una vistari vitupu, maana yake mteja wangu amebanwa, au mimi ndiye niliyebanwa? Naona ingekuwepo hali ya "mzigo uko njiani" ili ujulikane umefika wapi.

Nahodha_Kibirizi

Binti, swali lako ni zuri kuliko jibu ulilopewa na mchoraji. Nianze na Fundi, kwa sababu ushauri wake una heshima lakini haukufikii hapa. Tazama umbo la mchoro wenyewe. Oda hii haina mzunguko: ikishakuwa IMETUMWA au IMEGHAIRIWA haitoki tena. Jozi halali zinazoweza kupatikana ni mbili tu, lipa-tuma na lipa-ghairi, na zote mbili zimo tayari katika majaribio matatu ya Binti. Ukipanda ngazi ya jozi hutapata jaribio hata moja jipya. Ngazi hiyo hulipa pale ambapo hali inaweza kurudiwa, kwa mfano oda ingeweza kusitishwa na kufufuliwa.

Kilichompata mteja wa dagaa hakipo kwenye jozi halali yoyote. Ni kisanduku cha IMEGHAIRIWA chini ya lipa, yaani kistari. Mchoro wa viduara na mishale hauwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu mshale usiochorwa hauonekani. Jedwali lina faida hiyo moja kubwa, kwamba linakulazimisha kukiangalia kila kisanduku, hata kile ambacho hakuna aliyekifikiria.

Sasa kuhusu vile vinane. Usikubali kistari kiwe jibu. Chukua kila kimoja uende nacho kwa mwenye biashara, si kwa aliyeandika msimbo, na umwulize: tukio hili likifika wakati oda iko hapa, unataka nini kitokee? Utakuta majibu hayafanani.

Kisanduku cha IMEWEKWA chini ya tuma ni rahisi. Anayebonyeza "tuma" ni mtu wa stoo, mzigo bado uko mbele yake, na mfumo unaweza kumkatalia kwa ujumbe unaoeleweka kwamba oda hii haijalipwa. Kukataa hapo hakumdhuru mtu.

Kisanduku cha IMEGHAIRIWA chini ya lipa ni kitu kingine kabisa. Jina "lipa" linadanganya. Tukio linalofika kwenye seva si mteja anayeomba kulipa, bali ni taarifa kwamba amekwishalipa. Pesa imetoka kwenye simu yake na imekaa kwenye akaunti ya duka. Ukiikataa taarifa hiyo hujarudisha hata senti moja, umejifumba macho tu. Na mitandao mingi ya malipo, ikipata jibu la kosa kutoka kwenye seva yako, huhesabu kwamba taarifa haikupokelewa na hurudia kuituma. Kwa hiyo tarajio sahihi la jaribio lina sehemu kadhaa: hali ibaki IMEGHAIRIWA, mtandao wa malipo ujibiwe kwamba taarifa imepokelewa, malipo yaandikwe kwenye leja, deni la kumrudishia mteja pesa lifunguliwe, na hesabu ya stoo isiguswe. Mtu anayepima hali peke yake atasema jaribio limefaulu hata kama pesa ya mteja imepotelea hewani.

Ndiyo maana nashauri tukio libadilishwe jina kwenye jedwali liwe "taarifa ya malipo imefika". Mkishaliita hivyo, hakuna atakayesema tena kwamba baada ya kughairi hapatokei kitu.

Mama wa Sikonge, lako ni swali la kurudisha mzigo, si la kughairi. Lina safari yake ndefu ya kukagua kilichorudi na kuamua nani alipe nauli. Ila umegusa kisanduku halisi, IMETUMWA chini ya ghairi. Mahali mzigo ulipofika ni habari ya usafirishaji, unaweza kuiweka kando bila kuongeza hali ya oda, mradi tu hakuna kitufe kinachokubaliwa au kukataliwa kwa sababu yake.

Binti_Mwanga

Shikamoo mzee, na asante sana. Nimeanza kuvipitia visanduku kwa namna hiyo na nimekwama kwenye IMELIPWA chini ya lipa. Mwenye duka anasema oda iliyolipwa haiwezi kulipwa tena, kwa hiyo taarifa ya pili ipuuzwe. Aliyeandika msimbo anasema tayari anaipuuza. Nimejaribu kutuma taarifa ileile mara mbili na kweli hali haikubadilika, hesabu ya stoo haikupungua mara ya pili, wala mteja hakupata meseji nyingine. Naweza kukifunga kisanduku hiki?

Nahodha_Kibirizi

Marahaba. Usikifunge bado, kwa maana ndani yake kuna matukio mawili yenye sura moja.

La kwanza ni lile ulilolipima, taarifa ileile iliyotumwa tena. Utaijua kwa namba ya muamala, ambayo ni ileile. Hiyo ni haki kuipuuza, mradi jibu linalorudi kwa mtandao wa malipo liwe la mafanikio. Angalia na hilo jibu, kwa sababu waandishi wengi huandika msimbo unaorusha kosa kila oda inapokuwa imekwishalipwa, na matokeo yake ni taarifa moja kugonga mlango wako tena na tena.

La pili ni mteja kulipa kweli mara mbili. Mtandao ulikuwa mzito, hakuona meseji ya uthibitisho, akaanza upya na kuingiza namba ya siri kwa mara nyingine. Oda ni ileile, kiasi ni kilekile, lakini namba ya muamala ni tofauti, na pesa imekatwa mara mbili. Hapo kupuuza ni kumdhulumu. Hali ibaki IMELIPWA, lakini malipo ya pili yaandikwe na yarejeshwe. Tuma taarifa mbili zenye namba tofauti, kisha tazama leja: ukikuta mstari mmoja tu, umepata kasoro, hata kama skrini ya oda inapendeza.

Kwa hiyo kisanduku kimoja kimezaa majaribio mawili, na kinachoyatenganisha ni sharti lililo juu ya tukio, si hali ya oda. Mara nyingi masharti ya namna hii hayaandikwi popote mpaka mjaribu aulize.

Fundi_Ujiji

Mzee, nimekubali kwamba jozi halali zimekwisha. Lakini sijakubali kwamba mfuatano hauna maana hapa. Chukua kisanduku cha IMEGHAIRIWA chini ya ghairi, mteja anabonyeza kughairi mara mbili kwa sababu kitufe hakikuonyesha dalili yoyote. Kwa hesabu yako hicho ni kisanduku kimoja na jaribio moja. Mimi nasema ni mawili. Oda inaweza kufika IMEGHAIRIWA ikiwa haijalipwa, na inaweza kufika hapohapo ikiwa imelipwa. Ukipima ghairi-ghairi kwa oda isiyolipwa, hutaona chochote, hata kama msimbo ni mbovu. Ukipima lipa-ghairi-ghairi, unaweza kukuta mteja amerejeshewa pesa mara mbili. Hali ni ileile na tukio ni lilelile, lakini njia iliyoifikisha oda pale imebadilisha matokeo.

Nahodha_Kibirizi

Hapo umesema kweli, na ni jambo zito. Jozi zako hazikuwa na kazi kwa mipito halali, lakini zina kazi pale ambapo mpito wa mwisho ni batili. Binti, visanduku vya mstari wa IMEGHAIRIWA vipime kila kimoja kwa njia zote mbili. Batili zako zilikuwa 8: mmoja kwenye IMEWEKWA, mmoja kwenye IMELIPWA, mitatu kwenye IMETUMWA na mitatu kwenye IMEGHAIRIWA. Ukihesabu njia, ile mitatu ya mwisho inakuwa sita, na jumla inafika 11 kabla hujatenganisha zile aina mbili za taarifa ya malipo.

Kwa sababu hiyohiyo, jihadhari na njia ya mkato ambayo wengi huipenda, ya kufungua hifadhidata na kuandika kwa mkono kwamba oda fulani sasa iko IMEGHAIRIWA, kisha kuipiga na tukio. Oda ya namna hiyo haina mstari wa malipo, haina kumbukumbu ya stoo, haijawahi kuishi. Itakupa jibu, lakini ni jibu la oda ambayo haitatokea kamwe kwa mteja. Ifikishe oda kwenye hali yake kwa kupitia milango ileile anayopitia mteja, hata kama jaribio litachukua muda mrefu zaidi.

Jambo jingine kuhusu kuandika majaribio haya: weka tukio batili moja tu katika kila jaribio, na ukague mara tu baada yake. Tuseme umeandika jaribio moja refu la ghairi, kisha taarifa ya malipo, kisha ghairi tena, na mwishoni unakagua kwamba hali ni IMEGHAIRIWA. Kwenye mfumo wenu wenye kasoro, taarifa ya malipo itaifufua oda iwe IMELIPWA, ghairi ya pili itairudisha IMEGHAIRIWA, na jaribio litafaulu kwa furaha. Kosa la kwanza limefunikwa na hatua iliyofuata, na wewe uliyetaka kuokoa muda umelikosa lile ulilokuwa unalitafuta.

Stesheni_Tabora

Naomba niongeze upande wa msimbo, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika mifumo ya namna hii. Majaribio yote mliyoyataja ni ya tukio moja baada ya jingine, yaani la kwanza limekwisha ndipo la pili linaanza. Kwenye maisha halisi mteja wa Kasulu anabonyeza kughairi sekunde ileile ambayo mtu wa stoo hapo Kigoma anabonyeza "tuma". Jedwali linasema mmoja wao atakuwa wa kwanza na wa pili atakataliwa, lakini msimbo wa kawaida husoma hali, huamua, kisha huandika. Wote wawili wakisoma IMELIPWA kabla hata mmoja hajaandika, wote wataruhusiwa.

Dawa ninayoitumia ni kuweka hali inayotarajiwa ndani ya amri yenyewe ya kuandika. Dada, kama mnatumia PostgreSQL unaweza kuliona hili kwa macho kwa kufungua madirisha mawili ya psql. Katika la kwanza andika hivi, usimalize kwa COMMIT:

```
BEGIN;
UPDATE oda SET hali = 'IMEGHAIRIWA'
WHERE id = 42 AND hali = 'IMELIPWA';
```

Katika la pili andika:

```
UPDATE oda SET hali = 'IMETUMWA'
WHERE id = 42 AND hali = 'IMELIPWA';
```

Dirisha la pili litaganda, kwa sababu mstari ule umeshikwa na la kwanza. Sasa rudi kwenye la kwanza uandike `COMMIT;`. La pili litafunguka, litaliangalia tena sharti lake kwenye mstari uliokwishabadilika, litakuta hali si IMELIPWA tena, na litakujibu `UPDATE 0`. Ondoa maneno `AND hali = 'IMELIPWA'` kwenye amri ya dirisha la pili, oda ikirudishwa IMELIPWA rudia zoezi, na utapata `UPDATE 1`: oda imetumwa huku kurejesha pesa kumekwishaanza.

Onyo ni kwamba sifuri ile haifanyi kazi yenyewe. Msimbo lazima uisome na uichukulie kama kukataliwa, na meseji ya stoo itoke baada ya kuisoma, si kabla. Nimewahi kukagua mfumo uliokuwa na sharti zuri kwenye amri, lakini ulikuwa unachapisha karatasi ya kufungia mzigo mstari mmoja juu yake.

Binti_Mwanga

Nimefanya zoezi hilo kwenye nakala ya majaribio na nimeona dirisha likiganda kama ulivyosema, kaka. Ila amri za mfumo wetu hazionekani kwangu, mimi naupima kwa nje tu. Nitajuaje kama sharti limewekwa?

Stesheni_Tabora

Kwa nje peke yake ni vigumu, na nisikudanganye. Unaweza kutuma maombi mawili kwa pamoja, ghairi na tuma, kwa oda nyingi mpya moja baada ya nyingine, kisha utafute oda yoyote yenye ushahidi wa mambo yote mawili: deni la kurejesha pesa na karatasi ya mzigo kwa wakati mmoja. Ukiipata hata moja, kasoro ipo. Usipoipata, hujathibitisha kwamba haipo, pengine maombi hayakukutana tu. Njia ya uhakika zaidi ni kumwomba mwandishi aweke kwenye mazingira ya majaribio kituo cha sekunde chache kati ya kusoma na kuandika, kisha upeleke ombi la pili ndani ya sekunde hizo. Akikataa, omba basi akuonyeshe amri ile moja. Kuisoma kunachukua dakika moja.

Asali_Sikonge

Nimefuatilia na kidogo kidogo naelewa. Ila mzee amesema kutuma kabla ya kulipwa ni rahisi kukataa. Kwangu si rahisi hata kidogo. Wateja wangu wa siku nyingi hulipa mzigo ukishafika mikononi mwao, na kama mfumo ungenikatalia kutuma ndoo kwa sababu hazijalipwa, ningeuacha siku hiyohiyo.

Nahodha_Kibirizi

Mama, umenisahihisha, na hili lisipite kimya. Kisanduku kilekile ambacho kwa duka la dagaa ni cha kukataa, kwako ni mpito halali wa kila siku. Jedwali ni la biashara husika, halikopwi kutoka kwa jirani. Ila ukikiruhusu, angalia kinachofuata: taarifa ya malipo inayofika wakati oda iko IMETUMWA sasa nayo inakuwa halali, na jina IMETUMWA halitoshi tena, kwa kuwa litabeba oda zilizolipwa na zisizolipwa pamoja. Mwisho wa mwezi hutajua nani anadaiwa kwa kuangalia hali peke yake. Kwako ningechora hali tano au zaidi, ama ningetenganisha malipo na usafirishaji yawe na majedwali mawili, kila moja likienda kwa mwendo wake.

Fundi_Ujiji

Na hiyo hoja yako mzee ndiyo inayonifanya niulize kuhusu duka la dagaa. Kama IMEGHAIRIWA inabeba oda zenye historia mbili, na zinapokea matukio kwa namna mbili, basi hizo ni hali mbili zilizopewa jina moja. Kwa nini tusizitenganishe? Oda isiyolipwa iende IMEGHAIRIWA, na iliyolipwa iende INAREJESHEWA, kisha pesa ikisharudi ndipo iwe IMEGHAIRIWA. Majaribio ya njia mbili yatatoweka, kila kisanduku kitakuwa na maana moja, na taarifa ya malipo iliyochelewa itakuwa na mahali pa kwenda: kutoka IMEGHAIRIWA hadi INAREJESHEWA, mpito halali kabisa wenye mshale wake.

Nahodha_Kibirizi

Ni wazo zuri, lakini angalia ulichokiingiza. Mchoro wako sasa una mzunguko: INAREJESHEWA inakwenda IMEGHAIRIWA, na taarifa nyingine ya malipo inairudisha INAREJESHEWA. Zile jozi zako zinaanza kuzaa majaribio mapya, na kurejesha pesa kunakoshindikana katikati kunadai kisanduku chake. Mimi ningeacha hali nne na kuliweka deni la kurejesha kwenye leja, kisha nikapima hali na leja kwa pamoja.

Stesheni_Tabora

Mimi niko upande wa Fundi kwa hili. Kitu kisichokuwa na jina kwenye jedwali hakipimwi na anayekuja baada yako. Binti akihama kazi, nani atakumbuka kwamba mstari ule unapimwa kwa njia mbili?

Binti_Mwanga

Nimekaa na mwenye duka na tumejaza visanduku vyote vinane. Tuma kwenye IMEWEKWA, IMETUMWA na IMEGHAIRIWA inakataliwa kwa ujumbe, na karatasi ya mzigo isichapishwe. Taarifa ya malipo kwenye IMELIPWA, IMETUMWA na IMEGHAIRIWA inapokelewa daima, hali haibadiliki, na namba ya muamala ikiwa mpya deni la kurejesha linafunguliwa. Ghairi kwenye IMEGHAIRIWA inamjibu mteja kwamba oda imekwishaghairiwa, bila kugusa pesa. Ghairi kwenye IMETUMWA inakataliwa, na mteja anaelekezwa kupiga simu dukani.

Kati ya majaribio mapya niliyoyaendesha, mawili yameanguka. Moja ni lile la malipo baada ya kughairi, ambalo tulilijua. Jingine ni lipa-ghairi-ghairi, ambalo limefungua madeni mawili ya kurejesha kwa oda moja, huku ghairi-ghairi bila malipo ikipita salama kama kaka Fundi alivyobashiri. Nimeziandikia kasoro zote mbili. Kuhusu kuigawa IMEGHAIRIWA, mwandishi wa mfumo hataki kwa sasa kwa sababu ripoti za duka zinasoma jina hilo, kwa hiyo nimeandika njia mbili ndani ya jina la kila jaribio. Kama kuna aliyewahi kuigawa hali ya namna hii kwenye mfumo ambao tayari una oda za zamani, naomba aeleze alizifanyaje zile zilizokuwa zimekwishaghairiwa bila kujulikana kama pesa ilirudi.

Stesheni_Tabora

Za zamani zisukume kwa kutazama leja, si kwa kutazama hali. Yenye malipo bila marejesho iende INAREJESHEWA, yenye vyote viwili au isiyo na chochote ibaki ilipo. Zile ambazo leja yake haieleweki ziorodheshe na umpelekee mwenye duka azipitie moja moja. Usiziandikie kanuni ya kubahatisha.